Kwa nini "si yuko" si sawa na "hayuko"

*Mwalimu shikamoo. Niko Malindi, namfundisha Kiswahili mama mmoja wa Kitaliano, saa moja kila jioni. Nilimwambia "ni" yakubali na "si" yakataa. Juzi fundi wa friji alimpigia simu kuuliza kama mwenye nyumba yupo, mwanafunzi wangu akiwa ufukweni akajibu "Mama si yuko nyumbani". Fundi akapanda tuktuk mpaka Mayungu, akakuta geti limefungwa na hakuna mtu. Sasa lawama naletewa mimi. Naongea tu, kueleza siwezi. Na nilimwambia yuko, yupo na yumo ni kitu kimoja. Nilikosea?*

Marahaba mwanangu. Nimecheka kwanza, nisamehe, halafu nikamhurumia huyo fundi na jua la Malindi lile. Hukumdanganya mwanafunzi wako, ila ulimpa nusu ya kanuni, naye kwa vile ni mwanafunzi mwema akaitumia kila mahali.

Hebu isome tena hiyo sentensi kwa sauti, kama vile unamsikia jirani: "Mama si yuko nyumbani!" Mimi nasikia mtu anayeshangaa kidogo, kama kwamba amwambia fundi wewe nawe wauliza nini, mama yuko nyumbani, kwani hujui? Ni si ile ile ya "si nilikwambia", "si umekula wewe", "si ndiye yule anakuja". Ikikaa mbele ya kitenzi kamili namna hii haikatai kitu, kazi yake ni kumvuta anayesikiliza akubali jambo ambalo msemaji aliona liko wazi. Kwa hiyo fundi alisikia Kiswahili safi kabisa, maana tu ilikuwa kinyume na alivyotaka mama wa watu. Na kuna lingine la kuchekesha, kwao Italia "si" ndiyo "ndiyo", kwa hiyo huyu mama ameshafanya bidii kubwa kuizoesha akili yake kwamba huku kwetu si ni hapana, halafu leo tunamwambia kuna si nyingine ambayo inarudi kuwa ndiyo. Mvumilie.

Kuna mtihani mdogo wa kumpa, na mimi mwenyewe huwapa wanafunzi wangu wiki ya kwanza kabisa. Kabla hujasema si, itoe, weka ni mahali pake, usikilize kama sentensi inasimama. "Mama ni mwalimu", imesimama, basi waweza kusema "Mama si mwalimu". "Hiki ni kisu", sawa, "hiki si kisu". "Ni mimi niliyevunja", sawa, "si mimi niliyevunja". Sasa jaribu "Mama ni yuko nyumbani". Haisimami, hakuna mtu Malindi nzima anayesema hivyo. Basi na si hapo haina kiti, ukiilazimisha itageuka kuwa ile si ya kushangaa.

Sasa kwa nini haisimami, hapo ndo penye utamu. Ni ni neno lisilojali nani anazungumziwa. Mimi ni fundi, wewe ni fundi, wao ni mafundi, kisu ni kikali, visu ni vikali, yenyewe iko vile vile haibadiliki, inagundisha tu kitu na sifa yake au jina lake. Lakini yuko ni vipande viwili, yu na ko. Yu ni yeye, na zamani hiyo yu ilikuwa inatosha peke yake kufanya kazi ya ni, ndo maana mpaka leo twasema "yu hai", na kwenye mashairi na kwa wazee utasikia "yu wapi", na salamu ya "u hali gani" ni u hiyo hiyo ya wewe. Halafu ko ni mahali. Kwa hiyo ukisema "yuko" umeshasema "yeye yu mahali fulani", kazi ya ni imeshafanywa na yu. Kuongeza ni mbele yake ni kama kutia chumvi mara mbili, na ndo sababu pia mtu akisema "kisu ni jikoni" tunamsikia mgeni, maana kisu kinataka kipande chake, ki, halafu mahali, kiko jikoni.

Na kwa vile kichwa cha neno ni hicho kipande cha mbele, kukataa nako kunafanyika hapo hapo mbele, si kwa neno la pembeni. Yuko, hayuko. Tuko, hatuko. Wako, hawako. Kisu kiko, hakiko. Gari liko, haliko. Funguo ziko, haziko. Kwa mimi inakuwa siko, na hapa mwanafunzi wako atakurukia, atasema "si hiyo, kumbe si inakataa yuko pia!" Mwambie aangalie vizuri, hiyo si ya siko imeganda kwenye neno na maana yake ni mimi-hapana, ni ile ile ya sijui na sitaki. Haiwezi kumbeba mama. Akisema "mama siko nyumbani" amechanganya watu wawili kwenye mwili mmoja. Ile si ya "mimi si mwalimu" inasimama peke yake na haina mwenyewe, yafaa mimi, wewe, yule, mbuzi, yeyote.

Kwa wewe ni huko, "huko nyumbani leo?" na hapa hata sisi wenyewe hukwama kwenye meseji, manake huko pia ni kule mbali. Nikikuandikia "huko nyumbani" bila alama ya kuuliza hujui kama nakwambia haupo au nataja mahali. Ndo maana wengi siku hizi wanaandika hauko, walimu wa shule wanaikata kwa kalamu nyekundu lakini mtu anaeleweka. Na wako nayo ni hivyo hivyo, "wageni wako wako wapi?" wako ya kwanza ni mali yako, ya pili ni wao walipo. Mwanafunzi akiiona hiyo mara ya kwanza hudhani umekosea ukaandika neno mara mbili.

Haya, tuje kwenye yuko, yupo na yumo, maana hapa ndo ulimwambia ni kitu kimoja. Kwa maongezi ya kila siku pwani yetu hii sikulaumu, mtu anaweza kuishi Malindi miaka kumi anatumia ko tu na asipotelewe na kitu. Lakini si kitu kimoja. Hizo ko, po na mo ni watoto wa zile ngeli za mahali ambazo shuleni waziita PAKUMU, na mwanafunzi wako ameshazijua bila kujua kwamba anazijua. Muulize hapa, huku na humu zatofautiana vipi. Pale, kule na mle je? Pana, kuna na mna? Ni familia moja. Pa ni mahali palipopimwa, unaweza kupaonyesha kwa kidole au mnapajua nyote wawili. Ku ni upande, eneo, mahali palipotawanyika au pasipojulikana hasa. Mu ni ndani. Basi po, ko na mo zimerithi hivyo hivyo.

Chukua funguo za hilo geti la Mayungu. Mtu auliza "funguo ziko wapi?" na ni ko kwa sababu hajui zilipo, ndo anauliza. Ukimjibu "ziko jikoni" umempa eneo, aende akatafute mwenyewe. Ukisema "zipo pale mezani" umemwekea kidole, ni pale, unapaona. Ukisema "zimo mkobani" atafungua mkoba. Na sasa badilisha moja uone, "zimo mezani", mtu wa Kiswahili hataangalia juu ya meza, atavuta mtoto wa meza.

Nikwambie lililonipata mimi mwenyewe, nikiwa bado kijana na nikijiona najua lugha. Tulikuwa Mokowe, gati la bara, twangoja boti ya kuvukia Amu, na mimi nina mgeni. Nahodha anageuka ananiuliza, "mgeni wako yumo?" Nikamjibu "yupo", na sikuwa mwongo, mgeni alikuwapo pale gatini, nilikuwa nikimuona na macho yangu akinunua maji kwenye kibanda. Lakini nahodha hakuuliza kama yupo, aliuliza kama yumo, yaani ameshaingia chomboni. Nami nilijibu huku nazungumza na mtu mwingine, sikuisikia ile mo. Akang'oa. Tulipofika katikati ya maji nikaangalia nyuma nikamuona mgeni amesimama ukingoni na chupa zake mbili za maji, mkono juu. Nahodha alirudi, lakini maneno aliyonipa mpaka tunafika Amu siyaandiki hapa. Ndo hiyo tofauti ya po na mo, urefu wa gati la Mokowe.

Mo haina lazima ya kuwa chumba au boti, hata kwenye orodha mtu anakuwamo, "jina lako limo?" au kwenye shughuli, na mkikaa mkipanga jambo la hatari mtu akasimama akasema "mimi simo" nyote mmeelewa kwamba msimhesabu, ingawa bado amekaa pale pale na kikombe chake cha kahawa mkononi. Yaani yupo lakini hayumo. Mpe mwanafunzi wako hiyo sentensi, ataikumbuka.

Po nayo ina kazi moja ambayo ko haiifanyi vizuri, nayo ni kusema kwamba kitu kipo basi, bila kutaja wapi. Twasema Mungu yupo. Unaingia dukani wauliza "unga upo?" maana yake upo wa kuuzwa, haukuisha? Ukiuliza "unga uko wapi?" mwenye duka atakuonyesha rafu. Na simu ya fundi ilikuwa ya namna hiyo, kwa maneno yako mwenyewe aliuliza kama mwenye nyumba yupo. Hakutaka kujua yuko chumba gani wala mji gani, alitaka kujua kama akija atamkuta. Jibu la swali la po ni po, "yupo" au "hayupo", neno moja na simu imekwisha. Mwanafunzi wako angejibu "hayupo" fundi angekaa zake mjini.

Lakini usimfanye aogope, na hapa nakupa rai yangu tu. Ko ndiyo ya kumuanzia, aijue na ngeli zake zote, na aijue kukataa kwake, kabla hujagusa hizo mbili nyingine. Akitumia ko mahali pa po, watu wa Malindi hata hawatageuza shingo. Akienda upande wa Unguja au Dar atasikia "upo wapi?" na "nipo nyumbani" hata pale ambapo mimi ningesema ko, kwao po imeenea zaidi, asidhani alifundishwa vibaya. Akikutana na watu wa bara atasikia "ako wapi?" badala ya yuko, nayo inaeleweka vizuri ila kwenye mtihani itakatwa, na huku pwani itamtambulisha ametoka wapi kabla hajasema jina. Mo peke yake ndo ya kuichunga, ukiisema mahali ambapo hapana ndani watu watatafuta ndani.

Sasa kuna jambo najua litakujia kesho tu, kwa hiyo bora nikutangulie. Ukishamwambia ni haiendi na mahali, atatoka nje asikie mtu anasema "harusi ni Shela" au "hapa ni Malindi" au "kwetu ni Amu", arudi akwambie umemdanganya tena. Haujamdanganya. "Hapa ni Malindi" haisemi hapa pako wapi, inasema hapa panaitwaje, ni jina, na majina ni kazi ya ni. "Kwetu ni Amu" hivyo hivyo. Ya harusi ni ya ujanja kidogo, harusi si kitu cha kukaa mahali kama kisu, ni shughuli ya kufanyika, na ukisema "harusi ni Shela" unautaja ukumbi wake kama vile ungetaja siku yake, harusi ni Ijumaa, harusi ni Shela. Lakini bwana harusi hawezi kuwa "ni Shela". Bwana harusi yuko Shela, na kama ameshaingia ndani kwa bibi harusi basi yumo. Utasikia pia "harusi iko Shela", sana sana ikiwa ngoma zinapigwa sasa hivi na mtu aelekezwa, sio kosa, usipoteze jioni nzima kwa hilo.

Na upande wa pili kuna mahali ko inatumika na hakuna mahali popote, "niko tayari", "chakula kiko tayari", "niko sawa". Hapo hali inachukuliwa kama mahali mtu alipo kwa sasa, kesho atakuwa kwingine. Mfundishe kama misemo, azishike nzima nzima, maana akianza kuzitungia kanuni atasema "niko mwalimu" na hapo tumerudi kule kule.

Kwa wakati uliopita mambo yanakuwa rahisi na ndo maana wanafunzi hupenda kukimbilia huko. Ni na yuko zote zinamezwa na kuwa. "Mama alikuwa mwalimu", "mama alikuwa nyumbani", sura moja, na kukataa ni hakuwa kote kote, kwa hiyo ile shida ya si yote inatoweka. Kinachobaki ni kwamba ukitaka kusema hakuwapo bila kutaja mahali, lazima po uirudishe, "nilikuja, hukuwapo", au hukuwepo kama wengi wanavyosema sasa. Bila po, "nilikuja, hukuwa" inabaki inaning'inia, mtu atakuuliza sikuwa nini.

Kuhusu ile si ya kushangaa, kwa maandishi sina la kukusaidia zaidi ya hapa, manake nusu yake ni sauti. "Si mwalimu" ya kukataa na "si mwalimu!" ya kumwambia mtu angalia, si mwalimu yule anapita, kwenye karatasi ni herufi zile zile. Hiyo atoke nawe akaisikie, mpeleke wanakoshushia samaki asubuhi mkae pembeni nusu saa, kila akisikia si akuguse mkono na akwambie ni ya kukataa au ya kuvuta. Atakosea sana siku ya kwanza. Na kama mwenyewe ana nia ya kufanya mtihani wa kupata cheti, basi mtafutie mwalimu wa darasani hapo Malindi wa kumsahihishia maandishi uso kwa uso walau mara moja kwa wiki, maongezi ubaki nayo wewe, maana hizi hauko na huko na ako mtu wa maongezi tu huzipitisha.

Leo jioni muanzie na simu ile ile, mcheze, wewe uwe fundi. Upige, "mama yupo?" Naye ajibu, "hayupo, ametoka." Uulize, "yuko wapi?" Ajibu, "sijui aliko, lakini hayumo nyumbani, geti limefungwa." Mkiirudia mara tano sita ulimi utazoea, halafu umgeuzie, yeye apige na wewe ujibu "si yuko hapa!" kwa sauti yake, aisikie tofauti.

Na huyo fundi mrudishieni nauli yake ya tuktuk, kwenda na kurudi. Friji si bado haijatengenezwa?